Miadi ya alama za vidole ikigongana na zamu ya kazini

Hapa Columbus, Ohio, ukikaa na Waswahili wenzako baada ya ibada au kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu, mazungumzo hayakai mbali na makaratasi. Nani kapata grini kadi, nani kaapishwa uraia, nani kaletewa barua haelewi inasema nini. Nami, kwa kuwa Kiingereza changu kimenyooka kidogo na watu wamezoea kuniletea barua zao, nimesoma nyingi. Swali linalonirudia kuliko mengine ni hili: USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, imenipangia siku ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, na siku hiyo nina zamu kazini. Nifanye nini?

Wengi hujibiwa haraka na watu wanaowapenda, na jibu lenyewe huwa la hatari. Mmoja atamwambia acha tu, watakutumia tarehe nyingine. Mwingine atamwambia usithubutu kuomba kubadilisha, serikali haijali kazi yako, utanyimwa kadi. Yote mawili si kweli, na nimeona yakiwagharimu watu. Nataka nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa mfano wa mama mmoja jirani yangu, maana kisa chake kina karibu kila kitu ninachotaka watu wajue. Ameniruhusu nikisimulie bila jina.

Ni Mkongo wa upande wa Fizi, aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mkoa ninakotoka mimi, kabla ya kuletwa Marekani kama mkimbizi. Grini kadi yake ya miaka kumi ilikuwa inakwisha, akajaza fomu ya kuomba mpya, ile I-90. Anafanya kazi kwenye weahausi, zamu ya mchana, anaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka jioni, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Barua ikaja: fika kituoni siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, msimu ambao weahausi zote hapa zinafurika mizigo ya Krismasi na likizo zinafungwa.

Barua hiyo inaitwa I-797C, na juu yake pameandikwa Notice of Action. Jina hilo hutumika kwa barua nyingi za USCIS, ndiyo maana watu huzichanganya. Ile ya kupokelewa kwa maombi ni I-797C, na ya kuitwa kwenye alama za vidole nayo ni I-797C. Ya alama za vidole utaitambua kwa maneno ASC Appointment Notice, na kwa kuwa ina anwani ya kituo, tarehe na saa. ASC ni kile kituo chenyewe cha kuchukulia alama za vidole, picha na saini. Si ofisi ya mahojiano, na wafanyakazi wa pale hawaamui chochote kuhusu kesi yako.

Barua hiyohiyo hubeba onyo ambalo watu hulipita bila kulisoma: usipofika, ombi lako litahesabiwa kuwa umelitelekeza, na litakataliwa. Hilo si la kutishia tu. Kanuni ya serikali, 8 CFR 103.2(b)(13), inasema hivyo waziwazi: mtu asiyefika kwenye alama za vidole ombi lake hukataliwa, isipokuwa kama kabla ya saa ya miadi idara ilikwisha pokea taarifa ya kuhama anwani au ombi la kubadilisha tarehe, na ikaona sababu yake inatosha. Ada uliyolipa hairudi. Na ombi likikataliwa kwa kutelekezwa huwezi kukata rufaa. Kinachobaki ni kuomba kesi ifunguliwe upya kwa fomu I-290B, ambayo nayo ina ada yake na siku zake 30 za kuhesabu. Basi ushauri wa "acha tu, watakutumia nyingine" uondoe kichwani kabisa.

Ushauri wa pili, kwamba serikali haijali kazi yako, nao si sahihi. USCIS ina mwongozo wa sera ambao uko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote kuusoma, na ndani yake zimetajwa sababu ambazo zinaweza kukubaliwa kuwa ni za msingi. Kuna ugonjwa au kulazwa, safari iliyopangwa kabla, harusi, msiba au mahafali, kukosa usafiri wa kufika kituoni, na barua iliyochelewa au isiyofika kabisa. Na kuna kushindwa kupata ruhusa kazini, au kushindwa kumwacha mtu unayemhudumia. Kazi imo kwenye orodha yenyewe, wala huhitaji kusingizia homa.

Lakini soma vizuri namna ilivyosemwa. Sababu inayotajwa ni kushindwa kupata ruhusa. Kuwa na kazi siku hiyo ni jambo jingine, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Anaandika "siku hiyo nipo kazini" na kudhani amejieleza. Anayesoma ombi ataona mtu ambaye, kama wafanyakazi wengine wote, ana kazi siku ya Alhamisi. Hajaona kama mtu huyu aliomba ruhusa, wala kama alikataliwa. Sababu ya msingi maana yake ni maelezo ya kutosha kwa nini huwezi kufika siku hiyo, na zamu peke yake haionyeshi kwamba huwezi. Kukataliwa ruhusa ndiko kunakoonyesha. Kwa hiyo ombi lako kwa USCIS linaanzia kwa supavaiza wako.

Jirani yangu aliponiletea barua alikuwa tayari ameshazungumza na supavaiza kwa mdomo, pale pale kwenye mkanda wa mizigo, kwa Kiingereza chake cha kazini. Akaambiwa mwezi huu hakuna ruhusa. Nikamuuliza, una maandishi? Hakuwa nayo. Tukakaa mezani kwake tukaandika meseji fupi kwenye ile programu ya simu wanayoombea likizo, na nyingine kwa ofisi ya utumishi: nina miadi ya serikali Alhamisi saa nne asubuhi, naomba ruhusa ya siku hiyo au ya saa chache, nitarudi kumalizia zamu. Tuliomba saa chache kwa makusudi. Kuchukuliwa alama za vidole kwa kawaida ni shughuli fupi, wengi huingia na kutoka chini ya saa moja, na kama kituo kiko karibu, mwajiri mwenye moyo anaweza kukubali saa chache hata anapokataa siku nzima. Wa kwake hakukubali. Jibu lilirudi kesho yake: likizo zimefungwa hadi baada ya sikukuu, na ukikosa utahesabiwa pointi.

Wanaofanya kazi weahausi wanajua pointi ni nini. Kila ukikosa au ukichelewa unawekewa pointi, zikifika idadi fulani unaachishwa. Wengine huniambia, mama, si kuna sheria ya kumlinda mtu aliyeitwa na serikali? Kwa bahati mbaya, sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kukupa ruhusa kwa ajili ya miadi ya uhamiaji haipo. Ile sheria ya likizo ya kifamilia na matibabu inahusu mambo ya afya na familia, hili halimo. Baadhi ya kampuni zina utaratibu wao wenyewe, na penye chama cha wafanyakazi mkataba unaweza kuwa na kipengele, kwa hiyo uliza. Ila usiende kituoni huku ukiamini sheria itakufutia pointi.

Kuna kitu kimoja nilimzuia asifanye. Ofisi ya utumishi ilimtaka awatumie picha ya barua kama uthibitisho, naye alikuwa anaipiga picha nzima. Barua hiyo ina namba ya risiti ya kesi yako na ile namba ya mgeni inayoanza na herufi A, namba ambayo inakufuata maisha yako yote ya uhamiaji. Mwajiri anachohitaji kuona ni jina lako, kwamba barua imetoka serikalini, tarehe, saa na mahali. Tukakunja karatasi, tukafunika namba kwa kipande cha bahasha, ndipo tukapiga picha. Mwajiri aliipokea bila neno.

Nitaje hapa na hofu iliyokuwa inamfanya atetemeke, maana iliingia katika uamuzi wake. Aliogopa kwamba tarehe ikisogezwa, kadi mpya itachelewa, ya zamani itakuwa imekwisha, na kazini watamtoa. Kwa anayeomba kadi mpya kwa I-90, barua ya kupokelewa kwa ombi inaongeza muda wa kadi ya zamani. Tangu Septemba 2024 nyongeza hiyo ni miezi 36, ikihesabiwa kutoka tarehe ya kwisha iliyoandikwa usoni mwa kadi. Ukishika kadi iliyokwisha pamoja na barua hiyo, unao uthibitisho kwamba bado wewe ni mkazi wa kudumu. Tena mwajiri aliyekwisha kuikagua grini kadi yako ulipoajiriwa hatakiwi kukukagua upya kwa sababu tu kadi imefika tarehe. Ukazi wako haukwishi kadi inapokwisha. Kwa hiyo kusogeza miadi kwa wiki kadhaa hakukumweka mtu huyu nje ya kazi, na alipolielewa hilo alitulia, akaanza kupanga badala ya kuhangaika.

Sasa ombi lenyewe. Zamani barua ya miadi ilikuwa na sehemu ya kuweka alama kwamba unaomba tarehe nyingine, unairudisha kwa posta. Wazee waliokuja miaka hiyo bado wanawaambia wageni watume barua. Usitume. USCIS haipokei tena maombi hayo kwa posta, wala kwa kwenda dirishani. Zimebaki njia mbili: akaunti ya mtandaoni, ambayo tangu Julai 2023 ina sehemu ya kubadilisha miadi ya alama za vidole, na simu ya kituo chao cha mawasiliano, 800-375-5283.

Kwa mfanyakazi wa zamu, mimi humwelekeza kwenye akaunti kwanza, na sababu yangu ni saa. Simu hupokelewa na watu Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Sisi wa Ohio tunazo saa hizo kamili. Ndugu aliye Dallas anafungiwa saa moja jioni, na aliye Seattle au Portland anafungiwa saa kumi na moja jioni, wakati mwingine akiwa bado na kofia ya kazini kichwani. Tena ukipiga wakati wa mapumziko ya chakula, hakuna hakika utafika kwa mtu kabla mapumziko hayajakwisha. Akaunti unaifungua hata usiku wa manane.

Akaunti ni ya my.uscis.gov, na kuifungua ni bure. Utahitaji namba ya risiti iliyo kwenye barua, yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na siku hizi nyingi zinaanza na IOE. Kubadilisha tarehe nako ni bure. Nalisema kwa sauti kwa sababu wapo watu katika jamii zetu wanaojiita wataalamu wa makaratasi wanaotoza fedha kwa kazi hiyo, na wanaomwomba mtu nywila ya akaunti yake. Ukimpa nywila, umempa faili lako lote. Mtu wa kukusaidia akae pembeni yako, wewe ndiye ubonyeze.

Mfumo huo una mipaka mitatu, na wote wanaougonga hudhani umeharibika. Kwanza, haukubali ombi zikiwa zimebaki chini ya saa 12 kabla ya miadi. Miadi ya jirani yangu ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, kwa hiyo mlango wa mtandaoni ulikuwa unafungwa Jumatano saa nne usiku. Mtu anayetoka zamuni, akapika, akalaza watoto, ndipo akakaa na simu, anaweza kukuta muda umepita huku akiamini bado ana usiku mzima. Pili, haukubali miadi ambayo imekwisha badilishwa mara mbili au zaidi. Tatu, haukubali miadi ambayo umeshaikosa. Katika hali hizo tatu inabaki simu.

Huo mpaka wa pili ndio ulionifanya nimwambie jirani yangu asibonyeze chochote siku ile ile. Alitaka kwenda mbio achukue tarehe yoyote. Nikamwambia, dada, nafasi hizi zinahesabika, usiitumie ya kwanza kupata Alhamisi nyingine. Alilala na jambo hilo, akapata ratiba yake ya wiki zilizofuata, akathibitisha kwamba siku zake za ofu zinabaki Jumapili, Jumatatu na Jumanne hata kwenye msimu wa mizigo. Jumapili haikuwa na maana kwake. Zikabaki mbili. Pia aliangalia kama supavaiza ana kawaida ya kuita watu kwenye zamu za lazima siku ya Jumatatu, maana kwenye msimu huo huwa wanafanya hivyo. Alikuwa anayo meseji ya mwezi uliotangulia inayoonyesha kwamba zamu za lazima zilikuwa zinaangukia Jumanne. Basi Jumatatu.

Maelezo tuliyoandika yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake kwa Kiswahili ni hii:

"Naomba kubadilishiwa tarehe ya miadi yangu ya alama za vidole kwa sababu nimeshindwa kupata ruhusa kazini. Zamu yangu siku hiyo inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha jioni. Nilimwomba mwajiri ruhusa kwa maandishi mara nilipopata barua yenu, nikaomba hata saa chache tu. Alikataa kwa maandishi kwa sababu likizo zimefungwa msimu huu. Nakala za ombi na jibu ninazo na ninaweza kuzitoa. Siku zangu za mapumziko ni Jumatatu na Jumanne, na ninaomba miadi iwe Jumatatu."

Hakuna zaidi ya hapo. Watu wetu, kwa adabu tuliyolelewa nayo, hupenda kuanza ombi kwa salamu ndefu na kueleza maisha: nina watoto watano, nimetoka kambini, mume wangu ni mgonjwa. Yote ni kweli, na yanaumiza, lakini yanaifunika ile sentensi moja inayoamua. Pia usiongeze sababu ya pili ili kutia uzito. Mtu akiandika kwamba amekataliwa ruhusa na pia gari ni bovu na pia mtoto ana homa, msomaji hajui ashike ipi, na mwombaji mwenyewe akiulizwa baadaye lazima azikumbuke zote. Sababu ya kweli, moja, iliyo kwenye orodha, yenye tarehe, inatosha. Na unasema na serikali chini ya ombi lako la uhamiaji, kwa hiyo usiandike neno ambalo si kweli hata kama jirani alifanikiwa nalo.

Anayepiga simu aseme mambo hayohayo kwa mpangilio huohuo: namba ya risiti, tarehe na saa ya miadi, nimeomba ruhusa, nimekataliwa, siku ninazoweza ni hizi. Awe na karatasi na kalamu, aandike siku na saa aliyopiga, jina au namba ya aliyempokea, na namba ya kumbukumbu akipewa. Kanuni inaangalia kama ombi lilipokelewa kabla ya saa ya miadi. Bila kumbukumbu hiyo, itakuwa neno lako tu.

Jirani yangu alitumia akaunti. Alipomaliza nilimwomba apige picha ya skrini yenye tarehe juu yake, kisha nikamwambia jambo ambalo wengi hawalijui: kutuma ombi si kukubaliwa. Mpaka uone uthibitisho au barua mpya, miadi ya zamani bado ni yako. Tulikubaliana kwamba Jumatano jioni ikifika bila jibu, atapiga simu, na kama simu nayo haitaleta kitu, ataenda Alhamisi na kubeba pointi zake. Hilo lilikuwa chungu kulisema. Lakini pointi moja ni ya kazi moja, na ombi lililotelekezwa lingemrudisha mwanzo kabisa, kwa ada mpya. Nilitaka aamue akiwa na akili imetulia, siyo Alhamisi alfajiri huku basi la kazini linamsubiri nje.

Haikufika huko. Tarehe mpya ilitoka, Jumatatu ya wiki zilizofuata, kituo kilekile. Siku hiyo alikwenda na barua mpya pamoja na kadi yake ya zamani. Nilikuwa nimemwomba aiondoe barua ya kwanza kwenye mkoba, maana zinafanana mno na mtu akiwa na wasiwasi mlangoni hutoa isiyo yake. Alichukuliwa alama, akapigwa picha, akasaini, akarudi nyumbani kabla watoto hawajatoka shule.

Kisa chake kilienda vizuri kwa sababu barua ilimfika mapema. Mara nyingi tatizo linaanzia posta. Tunahama sana: mkataba wa nyumba umekwisha, tumepata ya bei nafuu upande wa pili wa mji, na anwani iliyoko USCIS inabaki ya zamani. Sheria inamtaka mtu asiye raia atoe taarifa ya kuhama ndani ya siku 10, na inafanyika kwenye akaunti hiyohiyo au kwa fomu AR-11. Kuwaambia posta peke yao hakutoshi. Posta ya Marekani ina huduma ya bure iitwayo Informed Delivery, inayokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja kwako. Ninaipenda kwa ajili ya watu wanaoishi nyumba zenye masanduku ya barua yaliyovunjika, maana unaona bahasha ya serikali inakuja hata kabla haijapotea. Na ikiwa barua imekufikia siku moja kabla ya miadi, au baada yake, hifadhi bahasha yenye mhuri wa posta. Kuchelewa kwa barua nako ni sababu iliyo kwenye orodha, na ukiwa nayo itangulize kabla ya ile ya kazi.

Aliyekwisha kukosa miadi asikae kimya akingoja barua ya kukataliwa. Apige simu siku hiyohiyo au inayofuata, kabla uamuzi haujaandikwa. Idara haiwajibiki kulikubali ombi lililochelewa, ila inayo hiari ya kulifikiria, na kila siku inayopita inapunguza nafasi hiyo. Aeleze kilichotokea, na pia kwa nini hakuomba mapema. Kama alikuwa na maandishi ya kukataliwa ruhusa, ndiyo wakati wake.

Haya yote ninayasema juu ya alama za vidole peke yake. Mahojiano ya grini kadi au ya uraia hayabadilishwi kwa sehemu hiyo ya akaunti. Fuata maelekezo ya kwenye barua ya mahojiano yenyewe, na fahamu kwamba kupata tarehe nyingine ya mahojiano kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Na ndugu zangu mlioomba hifadhi ya ukimbizi mkiwa hapa nchini, ninyi msibonyeze kitu kabla ya kuongea na wakili. Kibali chenu cha kazi kinategemea hesabu ya siku 180 tangu ombi la hifadhi kupokelewa, na ucheleweshaji unaotokana na mwombaji unaweza kuisimamisha hesabu hiyo. Kwenu Alhamisi moja ya kazi na siku za kibali cha kazi zimekaa kwenye mzani mmoja, na mizani hiyo inahitaji mtu anayelijua faili lenu. Yapo mashirika yenye mawakili wa bure au wa bei ndogo kwa wakimbizi. Waulizeni waliowapokea mlipofika, au mahakama ya uhamiaji, ambayo hutoa orodha ya watoa huduma hao.